Kuhesabu Wanaohudhuria Bila Kuandika Majina

Kikundi cha usaidizi cha watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi huhitaji kujua ni wangapi wanaokuja, ili kipange viti, chai na muda wa mshauri. Hata hivyo, katika vituo kama Mutomo au Wote, ambako watu wanajuana, daftari la majina likipotea siri ya wengi imetoka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu hali ya afya ya mtu kuwa habari nyeti.

Njia rahisi ni mkebe wenye kifuniko kilichotobolewa, pamoja na bakuli mbili, moja ya mahindi na nyingine ya ndengu. Anayekuja kwa mara ya kwanza hutumbukiza punje moja ya mahindi. Aliyewahi kuja hutumbukiza ndengu moja. Mkebe hukaa mahali ambapo hakuna anayetazama mkono wa mwenzake. Baada ya watu kuondoka, wasimamizi wawili huhesabu pamoja na kuandika tarehe na idadi mbili tu.

Chukulia kikundi kipya kinachokutana kila Alhamisi. Wiki ya kwanza mkebe una mahindi 9. Ya pili, mahindi 3 na ndengu 8. Ya tatu, mahindi 1 na ndengu 10. Ya nne, mahindi 2 na ndengu 11. Mahudhurio ya mwezi ni 44, lakini hao si watu 44, kwa kuwa wengi walirudi. Watu tofauti huonyeshwa na mahindi pekee: 9, 3, 1 na 2, yaani 15.

Kosa pia hujitokeza lenyewe. Wiki ya pili ndengu haziwezi kuzidi 9, kwa kuwa watu 9 tu ndio waliowahi kuja. Zikiwa 12, kuna waliochanganya punje au waliotumbukiza mara mbili. Msimamizi akihesabu pia viti vilivyokaliwa, ataona kama jumla inalingana.

Njia hii haiwezi kusema ni nani aliyeacha kuja. Kumfuatilia anayekosa dawa ni kazi ya kliniki, yenye rekodi zake zinazofungiwa.

Idadi nayo yaweza kumfichua mtu. Ripoti ikisema "mwanamke 1, chini ya miaka 25, kutoka kijiji fulani", majirani watamtambua bila jina. Idadi ndogo namna hiyo hubaki ndani ya jumla ya kikundi.

Nauli ni mtego mwingine. Ikitumwa kwa simu, jina na nambari hubaki kwenye rekodi za malipo. Ikilipwa kwa fedha taslimu dhidi ya sahihi, daftari la majina limerudi kwa mlango wa nyuma. Hivyo basi, ni afadhali chakula kitolewe mkutanoni na risiti ya duka ioneshe matumizi.