Kupimwa Macho Bure na Kuchagua Fremu ya Kwanza

Duka la miwani linapotangaza upimaji wa bure, neno hilo lahusu kipimo peke yake. Fremu na lenzi zina hesabu nyingine. Uskoti wakazi wote hupimwa bila malipo, lakini huku Uingereza NHS huwalipia baadhi ya watu tu.

Chukua mfano wa mama wa miaka 42 aendaye kupimwa pamoja na mwanawe wa miaka 9. Baba yake mama huyo aliugua glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Kwa kuwa ametimiza miaka 40 na mzazi wake alikuwa na ugonjwa huo, mama hupimwa bure. Asiache kwenda kwa sababu anaona vizuri: glakoma mara nyingi huanza bila maumivu wala dalili, na uoni uliopotea haurudi. Hata hivyo, haki hiyo haimpi msaada wa kununua miwani. Kipato chake kikiwa kidogo, aombe msaada kwa fomu ya HC1.

Mtoto naye, kwa kuwa hajafikisha miaka 16, hupimwa bure na, akihitaji miwani, hupewa vocha. Ni vyema mzazi aombe kwanza kuoneshwa fremu ambazo vocha yazitosheleza, maana akichagua ya bei zaidi atalipa tofauti mwenyewe.

Baada ya kipimo mteja hukabidhiwa karatasi ya vipimo vyake, anunue miwani au asinunue. Halazimiki kununua hapo alipopimiwa. Aweza kuipeleka karatasi, na vocha pia, kwenye duka jingine linalopokea vocha.

Katika fremu, pua ndiyo yenye neno la mwisho. Fremu nyingi zimeundwa kwa pua iliyoinuka na nyembamba, hivyo kwenye pua pana huteleza. Mvaaji ainamishe kichwa, kisha atabasamu: miwani ikishuka, ikigusa mashavu au kope, haimfai. Fremu yenye vipande laini vya pua vinavyoweza kurekebishwa humkaa vizuri zaidi. Mboni zikae karibu na katikati ya lenzi. Mtoto asinunuliwe kubwa ili akue nayo, kama ifanywavyo kwa viatu vya shule. Itashuka, naye atachungulia juu yake, na lenzi haitakuwa na kazi.

Siku za mwanzo sakafu huweza kuonekana imeinama, na kichwa kikauma kidogo. Kwa kawaida hali hiyo hupungua mvaaji akiendelea kuivaa. Ikizidi wiki mbili, au akiona vitu viwiliviwili, arudi dukani na miwani yake pamoja na karatasi ya vipimo, ili fremu, lenzi na vipimo vikaguliwe upya.