Mtoto akirudi shule baada ya kuugua, usianze na kunakili madaftari

Mtoto aliyelazwa hospitali wiki mbili, kisha akapumzika nyumbani wiki mbili nyingine, anarudi darasani akiwa amekosa siku 20 za masomo. Katika nyumba nyingi jambo la kwanza linalofanyika ni kuazima madaftari ya mwenzake. Jioni mtoto anakaa mezani ananakili, Hisabati leo, Sayansi kesho, mpaka mkono unamuuma. Wiki mbili baadaye madaftari yake yamejaa, mwalimu ameyasahihisha, na yeye bado haelewi kinachofundishwa.

Kunakili hakumwonyeshi mtu yeyote mtoto amekwama wapi. Wala si kila kilichofundishwa akiwa hayupo kinahitaji kufundishwa upya. Mara nyingi kuna hatua moja au mbili ambazo nyingine zote zimezishikilia. Mwalimu, au mzazi anayeweza, akiipata hatua hiyo na kuiandalia somo moja zuri la dakika 40, mtoto atayafikia mengine akiwa darasani pamoja na wenzake.

Tuchukue mfano wa binti wa darasa la tano mwenye selimundu. Watoto wenye ugonjwa huu hupatwa na maumivu makali ya ghafla, na huweza kukosa shule mara kadhaa kwa mwaka. Kwao somo la kufidia ni jambo la kupangwa mapema, kwa sababu watalihitaji tena.

Anza kwa kujua darasa limepita wapi

Mwalimu wa somo ana azimio la kazi, linaloonyesha mada za kila wiki. Mzazi anaweza kumwomba amtajie yaliyofundishwa katika wiki zile nne. Tuseme kwa Hisabati jibu ni hili: wiki ya kwanza vigawe na Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), ya pili sehemu zilizo sawa, ya tatu kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, ya nne kutoa sehemu hizo. Sasa darasa limeingia kwenye namba mchanganyiko, kama moja na nusu.

Kabla ya kupanga lolote, tenganisha masomo. Yako masomo ambayo mada moja haitegemei sana nyingine. Aliyekosa mada ya mimea katika Sayansi anaweza kusoma kurasa zile kwenye kitabu cha kiada, akaulizwa maswali machache, yakaisha. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinapatikana pia bure katika maktaba yake ya mtandaoni. Hisabati haiko hivyo, maana mada ya leo imekaa juu ya ya jana. Kama muda ni mdogo, muda wa mwalimu uende huko kwanza.

Maswali matano, dakika kumi

Hatua inayofuata ni jaribio fupi. Si mtihani wa kupewa alama, na mtoto aambiwe hivyo. Kila wiki aliyokosa iwe na swali moja, na swali la kwanza litoke kwenye kitu alichojifunza kabla ya kuugua. Kwa binti wetu maswali yanakuwa haya, na pembeni ni majibu aliyoandika:

1. 2/7 + 3/7. Ameandika 5/7.
2. Andika vigawe vitano vya kwanza vya 4. Ameandika 4, 8, 12, 16, 20.
3. 1/2 = ?/8. Ameandika 1/8.
4. 1/2 + 1/3. Ameandika 2/5.
5. 3/4 – 1/6. Ameandika 2/2.

Anayesahihisha kwa haraka ataona mbili amepata, tatu amekosa, basi arudie wiki tatu. Lakini tuyaangalie makosa yenyewe. Swali la kwanza na la pili yako sawa, kwa hiyo msingi wa zamani upo, na vigawe anavijua ingawa hakuwapo vilipofundishwa. Huenda jedwali la kuzidisha limemsaidia. Katika swali la nne amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. La tano amefanya vilevile: 3 kutoa 1 ni 2, na 6 kutoa 4 ni 2. Anajua kujumlisha na kutoa namba. Asichojua kinaonekana kwenye swali la tatu: haoni kwamba nusu inaweza kuandikwa kwa asili nyingine ikabaki nusu ileile. Bila jambo hilo, KDS haina kazi kwake.

Kwa hiyo wiki nne zimebaki mada moja, yaani sehemu zilizo sawa. Hiyo ndiyo ya kufundishwa.

Andalio la dakika 40

Vifaa ni karatasi, mkasi, rula na penseli. Kata vipande vitatu vyembamba vya karatasi, kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 12. Namba 12 imechaguliwa kwa sababu inagawanyika bila kubaki kwa 2, 3, 4 na 6, kwa hiyo mistari yote itaangukia kwenye sentimita kamili.

Dakika 5 za kwanza ni za kile anachokijua. Mrudishe kwenye 2/7 + 3/7 na umuulize kwa nini pale asili haikubadilika. Jibu unalolitafuta ni kwamba vipande vyote vina ukubwa mmoja. Akilisema kwa maneno yake mwenyewe, umeshapata mlango.

Dakika 15 zinazofuata ni za karatasi. Kipande cha kwanza akigawe kwa nusu, kila nusu sentimita 6. Cha pili akigawe kwa theluthi, kila moja sentimita 4. Cha tatu akigawe sehemu sita, kila moja sentimita 2. Kisha avipange kimoja chini ya kingine. Atajionea kwamba nusu moja ina urefu sawa na sehemu tatu za sita, na theluthi moja ina urefu sawa na sehemu mbili za sita. Hapo ndipo aandike: 1/2 = 3/6, na 1/3 = 2/6. Muulize kimefanyika nini kwa namba ya juu na ya chini. Zote mbili zimezidishwa kwa 3 katika ile ya kwanza, na kwa 2 katika ile ya pili. Kanuni anaitoa yeye kutoka kwenye karatasi.

Dakika 12 ni za kufanya pamoja, kisha peke yake. Rudini kwenye 1/2 + 1/3. Nusu na theluthi hazina ukubwa mmoja, kwa hiyo hazijumlishiki zilivyo. Zikigeuzwa kuwa za sita, zinakuwa 3/6 + 2/6, sawa na 5/6. Kwenye karatasi ni sentimita 6 na sentimita 4, jumla 10 kati ya 12. Sasa mwonyeshe lile jibu lake la mwanzo, 2/5. Nusu ya tano ni mbili na nusu, kwa hiyo 2/5 haifiki hata nusu. Alianza na nusu, akaongeza, akapata pungufu ya alichoanza nacho. Vivyo hivyo 2/2 ni moja nzima: alitoa kwenye robo tatu akabaki na zaidi ya robo tatu. Mtoto akijifunza kujiuliza kama jibu linawezekana, amepata kitu kitakachomsaidia hata kwenye mada ambayo hukumfundisha. Baada ya hapo afanye mwenyewe 1/3 + 1/4. Jibu ni 7/12.

Dakika 5 ni za kukagua. Swali moja tu, bila msaada na bila karatasi: 2/3 + 1/4. Akipata 8/12 + 3/12 = 11/12, somo limefika. Akikosa, angalia alipokosea kabla ya kumpa jingine.

Dakika 3 za mwisho mweleze kitakachofundishwa darasani kesho na mahali ambapo jambo la leo litatumika.

Panapoharibika

Kosa la kwanza ni kumpa njia ya mkato. Yuko mtu mzima atakayesema, "Zidisha hivi, zidisha hivi, jumlisha, andika." Mtoto atapata majibu jioni hiyohiyo na wote mtalala mkiwa na furaha. Dalili kwamba hakuelewa ni kwamba ukibadilisha sura ya swali anakwama. Muulize kati ya 2/3 na 3/5 ipi kubwa. Aliyeelewa atazigeuza kuwa 10/15 na 9/15. Aliyekariri atatafuta alama ya kujumlisha asiione.

La pili ni kupima siku ileile tu. Mrudie baada ya siku tatu kwa maswali mawili, kisha tena baada ya wiki moja. Kinachokumbukwa baada ya wiki ndicho alichojifunza.

La tatu ni muda. Mwenye selimundu huwa na upungufu wa damu na huchoka upesi. Somo la kufidia likiwekwa saa kumi na moja jioni baada ya shule na twisheni, dakika 40 zitakuwa 10 za kusikiliza na 30 za kupiga miayo. Jumamosi asubuhi inafaa zaidi, au dakika 20 kwa siku mbili. Awe na chupa ya maji mezani, maana kukauka maji na kupata baridi kunaweza kuamsha maumivu, na aruhusiwe kwenda msalani bila kuulizwaulizwa. Mwalimu wa darasa naye aambiwe mapema.

Ikiwa hata swali la kwanza amekosa, acha andalio hili. Tatizo ni la zamani kuliko ugonjwa wa mwezi huu, na somo moja halitalitatua. Hapo mzazi na mwalimu wakae wapange wiki kadhaa, kuanzia pale mtoto anapopata.

Kama darasa zima limekosa

Shule za msingi Tanzania zilifungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya corona, zikafunguliwa Juni 29. Hapo hakukuwa na daftari la mwenzake la kuazima. Mafuriko nayo huweza kufunga shule moja kwa wiki kadhaa. Maswali matano yaleyale yanaweza kupewa darasa zima, lakini majibu yapangwe kwa aina ya kosa, si kwa alama. Walioandika 2/5 wakae pamoja wapewe karatasi na rula. Walioshindwa vigawe waanze na jedwali la kuzidisha. Waliopata yote wapewe kazi ya namba mchanganyiko wakati mwalimu yuko na wengine.

Binti wetu, baada ya Jumamosi moja, bado ana kurasa tupu kwenye daftari la Hisabati. Aziache. Jumatatu mwalimu akiandika ubaoni 1 1/2 + 2 1/3, atajua kwamba nusu na theluthi zinageuzwa kuwa za sita, na atanyoosha mkono kuuliza lile moja ambalo kweli ni jipya kwake: zile namba nzima zinafanywaje.