Matawi Mafupi, Foleni Fupi

Mtayarishaji programu anayetumia Git hufanya kazi kwenye tawi lake, kisha hutuma ombi la kuunganisha ili mwenzake aukague msimbo kabla haujaingia kwenye tawi kuu. Ombi la mistari 60 hukaguliwa kati ya kazi mbili. La mistari 1,500 linadai nusu siku ya utulivu, kwa hiyo mkaguzi huliahirisha, na mengine yanarundikana nyuma yake. Mwongozo wa Google kwa wahandisi wake unasema mistari 100 kwa kawaida inafaa, na 1,000 imezidi.

Kuchelewa kwenyewe huzaa kazi. Tawi likikaa wiki tatu, tawi kuu limeshabadilika. Migongano ya msimbo hutatuliwa kwa mkono, na sehemu iliyokwisha kukaguliwa hukaguliwa upya.

Tuseme duka la mtandaoni linaongeza malipo kwa simu. Ombi la kwanza linaongeza safu moja tu kwenye jedwali la oda. La pili, kazi ya kuthibitisha malipo pamoja na majaribio yake. La tatu, kitufe kilichofichwa kwa swichi mpaka yote yakamilike. Kosa la safu hugunduliwa siku ileile, kabla msimbo mwingine haujajengwa juu yake.

Amri hii huonyesha ukubwa wa tawi:

```
git diff --stat main...HEAD
```

Hata hivyo, timu inayokagua mara moja tu kwa wiki haitafaidika: maombi matatu yanayotegemeana yatasubiri wiki tatu.