Alama Inayohitajika Mtihanini Hupandishwa, Haipunguzwi

TANGA – Katika vyuo vingi vya kati nchini, vikiwemo vilivyopo mkoani Tanga, tathmini endelevu ya muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho wa muhula hubeba alama 60. Kwa utaratibu huo, mwanafunzi anayezijua alama zake za tathmini endelevu anaweza kukokotoa mapema alama anayohitaji mtihanini ili afikie daraja analolenga. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Makosa hutokea katika kulisoma jibu lake.

Chukua mfano wa mwanafunzi mwenye alama 27 kati ya 40, ambaye analenga jumla ya alama 65. Anahitaji alama 38 kati ya 60 za mtihani. Kwa kuwa karatasi ya mtihani husahihishwa kwa alama 100, 38 hugawanywa kwa 60, kisha jibu huzidishwa kwa 100. Kikokotoo huonyesha 63.3333333.

Hapo wengi hutumia kanuni waliyojifunza shuleni ya kukadiria kwa nambari nzima iliyo karibu, nao huandika 63. Kanuni hiyo ni sahihi katika kueleza kipimo, lakini haifai kwa kiwango cha chini kinachopaswa kufikiwa. Alama 63 mtihanini huleta 37.8 kati ya 60, na zikijumlishwa na 27 hupatikana 64.8, yaani pungufu ya lengo. Ni sawa na fundi wa Pongwe ambaye hesabu yake imempa mifuko 63.3 ya saruji: akinunua mifuko 63, kazi haitakamilika.

Kwa hiyo, alama inayohitajika hupandishwa daima. Kiasi cha kupandisha hutegemea namna mtihani unavyosahihishwa. Iwapo msahihishaji hutoa alama nzima pekee, mwanafunzi huyu anahitaji 64, ambayo humfikisha kwenye jumla ya 65.4. Iwapo hutolewa pia nusu alama, 63.5 inatosha, kwani jumla huwa 65.1. Ili kuipata nusu alama inayofuata bila kubahatisha, zidisha jibu kwa mbili, pandisha hadi nambari nzima, kisha gawanya kwa mbili. Hivyo 63.33 huwa 126.67, hupandishwa hadi 127, na nusu yake ni 63.5. Jibu likitoka kamili, kwa mfano 65 kwa mwanafunzi mwenye alama 26 za tathmini endelevu, haliongezwi chochote.

Upandishaji hufanywa mara moja tu, mwishoni mwa hesabu. Anayepandisha katika kila hatua hujiwekea lengo kubwa kuliko linalohitajika.

Tarakimu ndefu baada ya nukta zina upotoshaji wa aina mbili. Kwanza, hakuna msahihishaji anayetoa alama 63.3333333, hivyo mwanafunzi huandikiwa lengo ambalo halipo katika karatasi yoyote. Pili, tarakimu hizo huashiria uhakika ambao takwimu za mwanzo hazina. Ikiwa alama 27 iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo ni makadirio ya 26.6, mwanafunzi anahitaji alama 64 kamili. Ikiwa ni makadirio ya 27.4, anahitaji takriban 62.7. Tofauti kati ya majibu hayo mawili inazidi alama moja nzima, wakati kikokotoo kinaonyesha sehemu ya milioni kumi ya alama. Anayehitaji uhakika aulize kwanza alama yake halisi ya tathmini endelevu kabla ya kukadiriwa.

Jambo la mwisho la kufahamu ni namna jumla yenyewe inavyoandikwa. Madaraja kwa kawaida hupangwa kwa nambari nzima. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa mfano, daraja B ni alama 65 hadi 74 na daraja C ni 45 hadi 64. Mpangilio huo hauna nafasi iliyoandikwa kwa ajili ya 64.8, hivyo jumla ya namna hiyo hutegemea kanuni ya kukadiria inayotumiwa na mamlaka husika. Chuo kinachokadiria jumla kwa nambari nzima iliyo karibu kitaiandika 65, na hapo mwanafunzi wa mfano huu angefikia lengo hata kwa alama 62.5 mtihanini. Chuo kinachokata desimali kitaiandika 64.

Kanuni hiyo hutafutwa katika mwongozo wa mitihani wa chuo au kwa ofisa mitihani. Mwanafunzi ambaye bado hajaithibitisha ahesabu kwa kuchukulia kwamba jumla yake haitapandishwa, na lengo lake libaki 63.5 au 64 kulingana na usahihishaji.