Kila Penye "Lakini" Pigia Mstari

Jumamosi moja mpwa wangu, anayesoma kidato cha tano, alirudi nyumbani na kurasa sita za daftari kutoka kwenye mhadhara wa wazi kuhusu sera ya mazingira. Mhadhiri alikuwa amezungumzia marufuku ya mifuko ya plastiki, ile tuliyokuwa tukiiita rambo. Klabu yao ya mdahalo ilitakiwa kuugeuza mhadhara huo kuwa karatasi ya hoja, yenye za kuunga mkono na za kupinga, na nani atasimama upande gani ingeamuliwa kwa kurusha sarafu siku yenyewe.

"Mjomba, za kuunga mkono ninazo kumi na moja," akaniambia. "Za kupinga ninazo mbili, na moja nimeitunga mwenyewe."

Hilo halikunishangaza. Mhadhiri si msemaji wa pande mbili. Anaeleza sera, ana msimamo wake, na kwa saa nzima msimamo huo ndio unaoongoza mpangilio wa maneno yake. Upande wa pili huwa umo, ila umejificha ndani ya sentensi ndogo anazozitupia pembeni ili asije akasema uongo. Nikampa kalamu nyekundu apigie mstari kila penye "lakini", "isipokuwa", "ingawa" na "kwa sharti kwamba". Zikapatikana saba. Moja ilisema: "Kenya nayo ilipiga marufuku, lakini iliwapa watu miezi sita." Alikuwa ameiandika kwa herufi ndogo ukingoni mwa ukurasa, kama kitu cha kupita tu.

Kumbe humo mna hoja nzima. Kenya ilitangaza marufuku yake tarehe 28 Februari 2017 na ikaanza kuitekeleza tarehe 28 Agosti mwaka huohuo. Tanzania Bara ilitangaziwa na Waziri Mkuu bungeni tarehe 9 Aprili 2019, na utekelezaji ukaanza tarehe 1 Juni. Hizo ni siku 53. Mwenye kiwanda aliyekuwa amenunua malighafi mwezi Machi angekuwa na la kusema kuhusu siku hizo.

Kazi ya pili ilimuudhi kidogo. Nilimwomba apitie zile hoja zake kumi na moja na kutenga matukio na hukumu. "Marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019" ni tukio, mtu yeyote anaweza kulikagua. "Serikali ilichukua hatua ya kijasiri" ni hukumu ya mhadhiri, na mpinzani ataifuta kwa kusema tu kwamba yeye haoni ujasiri hapo. Nyingine zilikuwa hoja ileile iliyovaa nguo tofauti: mifuko inaziba mitaro, mitaro iliyoziba inaleta mafuriko, mafuriko yanaleta magonjwa. Huo ni mnyororo mmoja. Ukiuhesabu mara tatu, jaji makini atakukata. Tulipomaliza, kumi na moja zilibaki nne.

Kisha tukafika kwenye mada yenyewe, na hapa ndipo karatasi nyingi za hoja huharibika. Klabu ilikuwa imeandika: "Mifuko ya plastiki ni hatari kwa mazingira." Nani atapinga hilo? Atakayepewa upande huo atalazimika kutetea takataka. Sera haijadiliwi kwa kuuliza kama tatizo lipo. Inajadiliwa kwa kuuliza kama dawa hii inafaa kuliko ile. Mpwa wangu akarudi kwenye daftari, akakuta mhadhiri aligusia nchi zilizochagua kutoza mifuko badala ya kuikataza. Mada ikawa: "Tanzania ilifanya vyema kupiga marufuku mifuko ya plastiki kuliko kuitoza." Sasa upande unaopinga una kitu cha kushika mkononi. Nao hauipendi mifuko, ila unasema bei ingefanya kazi vizuri zaidi kuliko askari.

Kwa kila hoja tulichora mistari minne. Wa kwanza ni dai lenyewe. Wa pili ni ushahidi. Wa tatu tuliuita kiungo, yaani kwa nini ushahidi huo unathibitisha dai hilo hapa kwetu. Wa nne ni ukomo, yaani mahali ambapo ushahidi unaishiwa nguvu. Wengi huandika miwili ya kwanza na kuinuka. Lakini ukomo wa hoja yako ndilo jibu la mpinzani wako, kwa hiyo ukiujaza kwa uaminifu umemwandikia nusu ya karatasi yake, nawe unajua atakapokupiga.

Chukua hoja kubwa ya upande unaopinga. Dai lake ni kwamba tozo hupunguza mifuko bila kumfunga mtu. Ushahidi ni Ayalandi, ambayo mwaka 2002 ilianza kutoza senti 15 za yuro kwa kila mfuko dukani. Makadirio ya huko yanaonyesha kwamba matumizi yalishuka kutoka mifuko 328 kwa mtu kwa mwaka hadi 21. Baadaye yakaanza kupanda tena taratibu, na mwaka 2007 Serikali ikapandisha tozo hadi senti 22. Ni ushahidi mzuri, na ule upandaji tusiufiche. Anayeutaja mwenyewe anaweza kuongeza kwamba tozo ni kifaa kinachorekebishika, ukikaza bei matumizi yanarudi chini. Anayeuficha atausikia ukitajwa na mpinzani.

Tukafika kwenye kiungo, mpwa wangu akasita. "Ayalandi wananunua supamaketi," akasema. "Kuna risiti."

Hapo alikuwa amegusa mshipa wenyewe. Tozo inahitaji mtu wa kuikusanya na karatasi ya kuonyesha kwamba imekusanywa. Kule mwenye duka anaiingiza kwenye risiti, anaipeleka kwa mamlaka ya mapato, basi. Kwetu nyanya zinanunuliwa gengeni, dagaa sokoni, na soksi kwa machinga aliyesimama kituo cha daladala. Nani atahesabu mifuko ya muuza mchicha? Huo ndio ukomo wa hoja ya tozo, nao ukahamia upande wa pili wa karatasi kama hoja bora ya wanaounga mkono: marufuku inaweza kuwekwa kiwandani na mpakani, ambako milango ni michache, tozo lazima ifuate kila meza ya biashara.

Wanaopinga nao hawaachwi bila jibu. Kanuni za mwaka 2019 ziliacha nje vifungashio vya viwandani, vya kilimo, vya dawa na vya usindikaji wa vyakula, na bila shaka visingeweza kukatazwa kwa siku moja. Muda haukupita, vile vimfuko vyepesi vinavyoonyesha kilichomo vikaanza kubebea bidhaa gengeni kana kwamba marufuku haikuwahi kuwepo, hata mwaka 2021 Serikali ikalazimika kutoa agizo jingine dhidi yake. Kwa hiyo mlango wa kiwandani nao una ufa. Huku ndiko kugongana kwa hoja kunakotakiwa, pande zote mbili zinajibu swali moja la ipi kati ya sera hizi inaweza kusimamiwa kweli. Karatasi mbaya utaitambua kwa kukosa mgongano huo. Mmoja anazungumzia ng'ombe waliomeza plastiki, mwenzake anazungumzia ajira za viwandani, wanapishana kama magari barabarani, na jaji anabaki kuchagua sauti iliyompendeza.

Kulikuwa na namba moja aliyokuwa akiipenda kupita zote, 131. Mhadhiri alisema kwamba mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ndipo uwe bora kuliko ule mwembamba wa plastiki. Mpwa wangu aliiwekea nyota tatu kwa ajili ya upande wa kupinga. Namba hiyo ni ya kweli. Inatoka kwenye ripoti ya Mamlaka ya Mazingira ya Uingereza ya mwaka 2011. Nikamuuliza swali moja tu: bora kwa kipimo gani?

Hakuwa ameandika. Kipimo kilikuwa mchango wa mfuko katika ongezeko la joto duniani, tangu malighafi hadi unapotupwa, kwa mifuko ya supamaketi za Uingereza. Athari za takataka zilizozagaa hazikuwa sehemu ya hesabu hiyo. Sasa angalia kinachotokea. Anayeunga mkono marufuku kwa sababu ya mitaro na mifugo hatikiswi hata kidogo na 131, maana namba hiyo inapima jambo jingine. Lakini akiteleza akasema marufuku "inapunguza joto la dunia", amejifungia mwenyewe ndani, na ufunguo anao mpinzani. Zaidi ya hapo, ripoti hiyohiyo ilisema mfuko wa karatasi unahitaji kutumika mara 3 tu, na ule wa polipropilini isiyofumwa, mithili ya ile laini iliyojaa sokoni kwetu, mara 11. Kuishika 131 na kuiacha 11 ni kuchagua dengu kwenye sahani ya pilau. Tukaziandika zote tatu, na kipimo chake kikaandikwa pembeni. Nyota zikafutwa.

Ile hoja aliyoitunga mwenyewe ilihusu ajira zilizopotea. Hakuwa na idadi wala jina la kiwanda, na mhadhiri hakuwa amegusa suala hilo. Kwamba watu walipoteza kazi ni jambo linaloaminika kwa urahisi, na ndiyo hatari yake, kwa sababu msemaji huingia nalo jukwaani akitegemea huruma, kisha anaulizwa "wangapi?" na dakika nzima inapotea. Tukaiweka chini kabisa na alama ya kuuliza. Akipata takwimu, itapanda juu. Aliulizia pia kama aandike "kama mhadhiri alivyosema" mbele ya kila hoja. Hapana. Mhadhiri ndiye aliyekuonyesha njia ya kisimani, maji unayachota kisimani kwenyewe: kanuni zenyewe, ripoti yenyewe, tarehe yenyewe.

Kwa dakika saba za kuzungumza, kila upande ukabaki na hoja mbili tu zilizoshiba na moja ya akiba. Upande wa kuunga mkono ulikuwa na usimamizi wa milango michache, na madhara ya mitaroni na kwa mifugo. Wa kupinga ulikuwa na ushahidi wa Ayalandi, na ufa wa vifungashio ukiambatana na zile siku 53. Akiba yao ilikuwa adhabu: kanuni zinamtoza anayekutwa na mfuko kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, na mzigo huo unamwangukia mteja wa genge kabla ya mwagizaji.

Jioni nilimtuma gengeni kununua nyanya na kumuuliza muuzaji swali moja: kama angeruhusiwa kuuza mfuko kwa shilingi mia na kuiwasilisha serikalini, angefanya hivyo? Alirudi akicheka. Yule mama alikuwa amemjibu, "Mwanangu, nikimwambia mtu mfuko ni mia, atazibeba nyanya kwenye kanga."

Akaandika jibu hilo upande wa wanaopinga, kwa maana bei inawafanya watu waache mfuko. Akatulia kidogo, akaliandika tena upande wa pili, kwa maana tozo hiyo muuzaji hataikusanya hata siku moja. Nyanya zilikuwa mezani, ndani ya kifungashio.