Upepo Ndani ya Breki

Mkono wa breki ya mbele ya pikipiki ukianza kubonyea, wengi huanza kwa kununua pedi mpya, na mara nyingi hiyo ni fedha iliyopotea. Pedi zinapolika, pistoni za kalipa husogea mbele kidogo kidogo kufidia unene uliopungua. Mafuta hushuka kwenye kikopo kilicho juu ya usukani, lakini mkono hubaki mgumu. Mkono unaozama kwa ulaini na kusukuma kidole kurudi unaeleza habari nyingine, kwamba ndani ya mfumo kuna gesi. Gesi hiyo ama ni hewa iliyoingia kutoka nje, ama ni mvuke uliozaliwa humo humo kwa sababu ya joto. Ni lazima tujue ni ipi kabla ya kushika spana, kwa sababu mvuke ukishapoa hauachi kiputo cha kutoa, na tatizo lake limo kwenye mafuta yenyewe.

Gesi kidogo tu inatosha kuharibu breki, na hesabu yake si ngumu. Tuseme pistoni ya masta silinda ina kipenyo cha milimita 12.7, na ndani ya mpira wa breki kumejificha nusu mililita ya hewa. Ukiminya breki hadi shinikizo lifike mara 20 ya lile la hewa ya kawaida, kiputo hicho kitasinyaa mpaka karibu kitoweke, na mahali pake patajazwa na mafuta yaliyopaswa kwenda kusukuma pedi. Pistoni italazimika kusogea karibu milimita 4 za ziada. Kwa kuwa ncha ya mkono husafiri takribani mara 6 ya pistoni, kidole kitakwenda zaidi ya sentimita 2 bure. Mafuta yenyewe hayana lawama hapa: kwa shinikizo hilo hilo, mililita 30 za mafuta ya breki hazipungui hata sehemu ya ishirini ya mililita moja. Kinachobonyea ni hewa, kama pampu ya baiskeli uliyoiziba mdomo kwa kidole.

Hewa ya nje haingoji joto. Mkono utakuwa laini asubuhi pikipiki ikiwa imepoa, na utabaki hivyo kutwa nzima. Mvuke una tabia tofauti. Chukua pikipiki iliyobeba abiria na mzigo, jumla kilo 300, ikishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, mteremko wa takribani mita 1,000. Nishati inayopaswa kuondolewa njiani ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 8 za maji ya bomba. Sehemu kubwa huchukuliwa na injini na upepo, lakini dereva anayeshuka kwa gia ndefu huku ameshika breki muda wote huielekeza kwenye diski, na kutoka hapo joto hupita kwenye pedi na pistoni hadi kwenye mafuta. Mafuta yakichemka, mkono uliokuwa mgumu Lushoto hulala kabisa kwenye kona za chini, kisha baada ya kupumzika Mombo unarudi kuwa mgumu kana kwamba hakuna kilichotokea. Breki ya namna hiyo haijapona, na safari ijayo itarudia yale yale.

Swali linalofuata ni kwa nini mafuta yachemke, na jibu ni maji. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo hunyonya unyevu wa hewani, hata ule unaopenya taratibu kwenye mpira wa breki. Kiwango cha Marekani kinadai DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 isichemke chini ya 230. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa pikipiki huagiza mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hata kama breki inashika vizuri, na ndiyo maana chupa iliyokaa wazi rafuni mwa gereji si mahali pa kuokolea fedha, hasa kwenye unyevu wa Tanga au Mombasa.

Hapo huja pingamizi: kama maji ndiyo adui, kwa nini tusitumie DOT 5 isiyonyonya maji, tena namba yake ni kubwa zaidi? Namba hiyo imewaponza wengi. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, na maji yakiingia hayayeyuki ndani yake bali hukusanyika chini, yaani ndani ya kalipa penye joto, ambako huchemka kwenye nyuzi 100. Pia silikoni hubonyea zaidi. DOT 5.1 ni kitu kingine kabisa licha ya kufanana jina, kwani yenyewe ni glaikoli. Wengine husema mafuta ya injini hayanyonyi maji na hayachemki upesi. Ni kweli, lakini raba za mfumo wa DOT huvimba zikikutana nayo, na pistoni hukwama. Kinyume chake nacho ni hatari: breki za baiskeli za Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini, na ukizitilia DOT raba zake huharibika, ilhali nyingi za SRAM hudai DOT. Maandishi kwenye kifuniko cha kikopo ndiyo yanayoamua.

Kutoa upepo kwenyewe kunafuata kanuni moja, kwamba viputo hupanda. Geuza usukani mpaka kikopo kikae sawa, funika tangi kwa kitambaa kwa sababu DOT hula rangi, safisha kifuniko, kisha ufungue. Kabla ya yote, minya mkono kidogo kidogo na kuuachia kabisa, ukigonga mpira wa breki kwa mpini wa bisibisi. Utaona viputo vikitokea kwenye tundu dogo chini ya kikopo. Halafu weka mpira mwembamba unaoonyesha kwenye skrubu ya kutolea upepo pale kalipa, ncha yake ikizama ndani ya mafuta safi chupani. Minya na ushikilie, fungua skrubu robo mzunguko, mkono ushuke, funga, ndipo uachie. Ukiachia kabla ya kufunga, unavuta hewa upya. Kikopo kisishuke chini ya alama ya chini hata mara moja. Endelea mpaka mafuta yatoke safi bila kiputo, na usipige mkono haraka haraka, maana unavunja viputo vikubwa kuwa povu lisilotaka kupanda. Kama mfumo ulikauka kabisa, ni rahisi zaidi kusukuma mafuta kutoka kalipa kwenda juu kwa bomba la sindano lisilo na raba inayoharibiwa na DOT.

Wapo wanaosema breki ikipigwa mara tatu inakuwa ngumu, basi inatosha. Ugumu huo ni wa muda: umeongeza mafuta kwenye kalipa kufidia kiputo, lakini hujakitoa. Kuufunga mkono kwa kamba usiku kucha husaidia kidogo zaidi, kwa kuwa viputo vilivyosinyaa hubanduka na kupanda karibu na masta silinda, tayari kutoka asubuhi ukiachia. Hata hivyo kuna kasoro isiyoondoka kwa kutoa upepo hata ufanye mara ngapi. Minya kwa nguvu ya kawaida na ushikilie dakika moja pikipiki ikiwa imesimama. Mkono ukizama taratibu bila kuacha, mafuta yanapita pembeni ya raba ya masta silinda au yanavuja mahali fulani, na pikipiki isitoke gereji mpaka raba zibadilishwe au uvujaji uzibwe.