Kupanga Nyumba au Kununua Kiwanja na Kujenga Pole Pole
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliitazama hali ya mpangaji, tukaona ya kuwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 haimruhusu mwenye nyumba ya kukaa watu kudai garanti ipitayo kodi ya miezi mitatu. Leo twageukia yule ambaye, akiwa bado analipa kodi hiyo, ameazimia kununua parseli hapa Kamina na kujenga kwa kadiri ya mshahara wake. Mtu huyu, mpaka siku atakapohamia kwake, analipia nyumba mbili kwa mfuko mmoja. Kwa hiyo jambo la kumshughulisha kwanza si ukubwa wa nyumba atakayoimaliza, bali ni mwezi gani kodi itakoma.

Na tuchukue mfano wa mwalimu na mkewe mfanyabiashara wa sokoni, ambao hulipa kodi ya dola 40 kwa mwezi, na baada ya chakula, shule na dawa hubakiwa na dola 60. Tuseme kiwanja na nyumba nzima waliyoikusudia vitawagharimu dola 9,000, bei zisipopanda. Wakijenga nyumba hiyo yote kwa pamoja, watahitaji miezi 150, yaani miaka kumi na miwili na nusu, na katika muda huo watakuwa wamelipa kodi ya dola 6,000. Lakini wakinunua kiwanja kwa dola 1,200, kisha wakasimamisha vyumba viwili nyuma ya parseli kwa dola 1,800, watahamia baada ya miezi 50, wakiwa wamelipa kodi ya dola 2,000 tu. Tangu hapo zile dola 40 huungana na zile 60, na dola 6,000 zilizosalia hupatikana kwa miezi 60. Nyumba ni ile ile. Lakini imekwisha mapema kwa miezi 40, na dola 4,000 hazikwenda kwa mwenye nyumba.

Hesabu hii, hata hivyo, yasimama juu ya karatasi za kiwanja. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ni milki ya Serikali, na anachokipata raia ni haki ya kuitumia, haki ambayo huthibitika kwa sertifika ya uandikishaji itolewayo na msimamizi wa hati za ardhi, wala si kwa karatasi ya shefu wa kartie wala kwa risiti iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi. Kwa kawaida Serikali hutanguliza kontra ya kukodisha isiyozidi miaka mitatu, yenye sharti la kukiendeleza kiwanja. Hapa ndipo mjenzi wa pole pole hunaswa: yeye anahesabu miaka kumi, na kontra inahesabu mitatu. Basi na asome masharti yaliyoandikwa humo kabla ya kulipa, na fedha ya vile vyumba viwili aipange iwahi muda huo.

Hatari ya pili ni mvua. Nimeuona ukuta wa jirani yangu ambao ulifikishwa kimo cha madirisha, kisha ukaachwa bila bati masika mawili: tofali mbichi zilikuwa zimelika kwa chini kama sabuni, na mkono wangu uliingia katika pengo. Kwa hiyo mjenzi asianze kuta mpaka mabati na mbao zake ziwe tayari, ajenge kiangazi, baina ya Mei na Septemba, na kuta na paa viishe katika kiangazi kimoja. Tofali iliyoiva hulia kwa sauti kali ikigongwa na mwenziwe, na ikilazwa majini usiku kucha haimumunyuki. Isiyoiva hutoa sauti nzito iliyokufa. Saruji nayo haifai kulimbikizwa mfuko mmoja mmoja kila mwezi, kwani ikipita kama miezi mitatu ghalani huvuta unyevu na kupungua nguvu, na mabonge yasiyopondeka kwa vidole ndiyo dalili yake. Akiba ya mjenzi maskini na iwe mabati na tofali zilizoiva. Saruji inunuliwe juma la kazi.

Kutokana na hayo, mfanyakazi wa reli au wa Serikali ambaye huenda akahamishwa kabla ya ile miezi 50 kutimia, afadhali aendelee kupanga, akiiweka akiba yake. Na kadhalika yule ambaye kiwanja alichooneshwa hakina karatasi ila maneno. Lakini mwenye kutarajia kukaa, na karatasi zake ni safi, na ajenge vyumba viwili, aviezeke, ahamie, ijapokuwa sakafu ni udongo na dirisha ni ubao.

(Itaendelea)